Walimu wa chekechea: mtoto akijikojolea wiki za mwanzo, mzazi anaambiwaje bila kumwaibisha mtoto?

TichaDom

Habarini wakuu. Nafundisha watoto wa miaka mitatu na minne kwenye chekechea binafsi hapa Dodoma. Tangu tufungue Januari, karibu kila siku kuna anayelowesha nguo, na mara mojamoja kuna anayejinyea. Kubadilisha mtoto ni sehemu ya kazi, sina tatizo nalo. Shida yangu ni saa ya kutoka. Utaratibu nilioukuta ni kwamba aliyeko zamu getini anamkabidhi mzazi mfuko wa nguo na kusema palepale, "leo kajikojolea tena." Wazazi wengine wamesimama hapo, watoto wenzake wanasikia, na konda wa gari la shule naye anasikia.

Kuna mvulana mmoja, nitamwita Ayubu ingawa si jina lake, anakaribia kutimiza miaka minne. Siku hizi akilowa hasemi, anajibanza nyuma ya mlango hadi tumtafute. Juzi kaniambia, "Ticha, usimwambie mama, atanichapa." Nimekwama hapo. Kumficha mzazi siwezi, nguo zinarudi nyumbani na ana haki ya kujua. Nikimwambia kwa namna tunayotumia sasa, najua kinachomsubiri mtoto.

Sitafuti maneno ya kunitia moyo. Nataka kujua nyie mnasema maneno gani hasa, nani anayasema, saa ngapi na kwa njia gani.

BabaK_Kimara

Mwalimu, acheni mambo ya getini kabisa. Andika kwenye daftari la mawasiliano, mzazi atasoma jioni kwa utulivu. Halafu mwambie mama apunguze chai na maji asubuhi, na kwa mwezi wa kwanza mtoto aje na pampasi. Kwangu ilikuwa hivyo na mambo yalikwisha.

Mwl_Zaituni

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimefundisha awali Tanga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nitachangia kwa kirefu kidogo.

Baba K uko sawa kuhusu geti. Kwa daftari sikubaliani nawe. Jiulize daftari hilo linafunguliwa na nani nyumbani. Mara nyingi ni dada wa kazi anayetoa begi, au kaka mtu wa darasa la nne anayejisifu kwamba anajua kusoma. Ukiandika "amejikojolea", jambo hilo linasomwa kwa sauti sebuleni kabla mama hajarudi kazini, na kesho yake bado liko kwenye ukurasa. Kundi la wasapu la darasa ni baya zaidi, hata usipotaja jina, kwa sababu mzazi aliyepokea nguo mbichi anajua ni wake na wenzake wanaanza kukisia.

Njia iliyonifaa ni simu ya mwalimu wa darasa kwenda kwa mzazi mmoja mliyekubaliana naye siku ya kuandikisha mtoto. Unamuuliza mapema: "Nikiwa na jambo dogo la mtoto la faragha, nimpigie nani, na saa ngapi anaweza kuongea?" Wengine watakutajia bibi, kwa sababu ndiye anayeshinda na mtoto. Mpigie huyo. Ukiuliza siku ya kwanza, kabla ya lolote kutokea, hakuna anayejisikia kwamba mtoto wake ndiye aliyeleta shida.

Sasa maneno. Mzazi aliyechoka akisikia "kajikojolea tena", anasikia kwamba mwalimu analalamika na kwamba yeye hakumlea mtoto vizuri. Hasira yake haiji kwako, inamshukia mtoto. Kwa hiyo mimi huanza na siku ya mtoto ilivyokwenda, nataja tukio kwa sentensi moja pamoja na saa, nasema tulichofanya, kisha naomba kitu kimoja tu. Mwisho nauliza swali, ili mzazi awe na kazi ya kufanya zaidi ya kumkasirikia mtoto. Kwa mfano wa Ayubu ningetuma hivi:

"Habari za jioni mama Ayubu. Ayubu ameshinda vizuri, amemaliza uji wake na amecheza na wenzake. Saa nne na nusu alilowesha kaptula akiwa uwanjani. Tumembadilisha, na nguo zake ziko ndani ya begi. Wiki hizi za mwanzo tunabadilisha watoto kadhaa, ni jambo tunalolitegemea. Kesho naomba avae kaptula ya lastiki, asivae ya mkanda. Tumeshaongea naye yakaisha, kwa hiyo naomba nyumbani asiulizwe tena. Nina swali: nyumbani anatumia choo cha kukaa, cha kuchuchumaa, au poti?"

Angalia hiyo sentensi ya "yakaisha". Wazazi wengi huchapa kwa kuhofia wataonekana wameachia jambo lipite. Ukiwaambia limeshashughulikiwa, unawaondolea huo wajibu. Sisemi inafanya kazi kwa kila mzazi. Kwa wengi inafanya.

Usiandike "tena", "bado", "kila siku" wala "wenzake hawafanyi". Na ukimpigia, mtoto asiwe amesimama karibu anakusikia ukimwongelea.

MamaMapacha

Asante kwa uzi huu. Wangu ana miaka minane, bado anakojoa kitandani usiku, mara tatu nne kwa wiki. Shuleni hana shida kabisa. Nimwambie mwalimu wake?

Tabibu_Songea

Mama Mapacha, hilo la usiku ni jambo jingine. Mtoto aliyelala hajui kinachoendelea, na mara nyingi kuna mzazi au mjomba aliyepitia hayohayo. Kama mchana yuko sawa, mwalimu hana la kufanya, labda wakati wa safari ya kulala nje. Ila kwa miaka minane mpeleke akaonwe, msaada upo. Fungua uzi wake, nitakuja.

Kwa BabaK: kupunguza maji tafadhali hapana. Mkojo ukiwa mzito unachokoza kibofu, mtoto anabanwa mara nyingi zaidi, na choo chake kikubwa kinakauka. Pampasi nazo, mtoto aliyekwisha kuziacha anaweza kuona amerudishwa utotoni, na wenzake wataiona akiinama. Kibofu cha mtoto wa miaka minne kinabeba takribani mililita 150 tu, hazijazi hata kikombe cha chai cha kawaida. Akinywa vikombe viwili vya uji saa nne kisha akaachiwa uwanjani hadi saa sita, usishangae akilowa. Angalia ratiba yenu ya choo kabla ya kumwangalia mtoto.

BabaK_Kimara

Nimekuelewa kwenye maji, daktari. Ila pampasi kwangu ilisaidia, mtoto alikuwa na amani kwa sababu hakuna kilichoonekana. Alikuwa na miaka miwili na nusu lakini.

Tabibu_Songea

Mimi si daktari, ni tabibu wa kituo cha afya. Na umri huo unabadilisha jibu. Wa miaka miwili na nusu bado anajifunza, pampasi ni sawa tu. Huyu wa Ticha ana karibu miaka minne na inaonekana nyumbani alishaacha.

Bi_Mkubwa_Mjini

Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja, nasomesha skuli ya maandalizi. Naongeza la nguo. Sisi mzee akifungua begi akakuta nguo yenye mkojo au kinyesi kama ilivyo, imegusana na juzuu ya mtoto, hakusikilizi tena ujumbe wako hata uuandike kwa asali. Ni najisi, na ana haki. Kwa hiyo nguo isuuzwe kwanza kwa maji safi, ikamuliwe. Tunaitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana ambalo kila mtoto analo begini tangu siku ya kwanza, mwenye shida na asiye na shida. Likiwa la kila mtu, halimtangazi mtu.

Na anayembadilisha awe mmoja, anayemjua. Mlango usifungwe kwa komeo, mwalimu mwengine awe anaweza kupita. Hilo linamlinda mtoto na linamlinda mwalimu.

TichaDom

Bi Mkubwa, umenigusa kwenye kopo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, sisi tunatumia mifuko ile ya kitambaa chepesi, inavuja na kulowesha madaftari. Mtoto anatembea na alama ya maji kwenye begi. Nitalipeleka hili kwa mwalimu mkuu. Ila kusuuza, matroni wetu ni mmoja kwa watoto zaidi ya arobaini, na wazazi wengine wanasema ada wanayolipa iwe na kufua humohumo.

Neema_wa_Iringa

Naongea kama mzazi. Binti yangu alipoanza, mwalimu alinipigia kila siku kwa wiki nzima, kwa upole kabisa, maneno mazuri kama ya Mwl Zaituni. Lakini kila simu ilipoita saa kumi nilishtuka. Mwishowe nikawa namuuliza mtoto kila asubuhi, "leo hutajikojolea, eeh?" na yeye akaanza kulia kwenda shule. Mimi ningeomba mwalimu aniambie mara ya kwanza, halafu anipe picha ya wiki nzima Ijumaa. Katikati, nikiona kopo lina nguo, najua.

Mwl_Zaituni

Neema, nimekusikia, na kuna walimu wenzangu waliofanya hivyo. Mimi bado napendelea siku hiyohiyo, kwa sababu mtoto mwenyewe huwa anamwambia mama, au mwenzake anamwambia mama yake, na mzazi akisikia pembeni kabla yako anadhani umemficha. Pengine suluhisho ni kumuuliza mzazi anataka lipi. Mara ya kwanza, hata hivyo, ni lazima aambiwe siku hiyohiyo.

Kuna jingine Ticha hukuuliza. Mtoto naye aambiwe. Ayubu amekuomba usimwambie mama. Usimwahidi kitu usichoweza kutimiza. Chuchumaa mwangaliane, mwambie, "Nitamwambia mama akuwekee kaptula nyingine, na nitamwambia hujafanya kosa." Kisha fanya hivyohivyo. Akijua utasema nini, hana sababu ya kujibanza nyuma ya mlango.

JumaBodaboda

Kwani zamani tulichapwa na tukaacha. Watoto wa siku hizi mnawadekeza.

Tabibu_Songea

Juma, wengi waliacha kwa sababu walikua. Anayechapwa anajifunza kubana na kuficha. Akibana mkojo, anaanza kudondosha kidogokidogo siku nzima. Akibana choo kikubwa inakuwa mbaya zaidi, na hili nataka walimu walishike, kwa sababu wao ndio huliona kwanza.

Mtoto anaogopa choo cha shule, anabana siku tatu, nne. Kinyesi kinakauka na kuwa donge kubwa, kinauma kutoka, kwa hiyo anabana zaidi. Kile laini cha nyuma kinapita pembeni ya donge na kuvuja kwenye chupi. Mwalimu anaona madoa mara tatu kwa siku na kudhani mtoto anaharisha au ni mvivu wa kujisafisha. Mama anaambiwa "anaharisha", anampa dawa ya kufunga tumbo, na donge linazidi. Mtoto mwenyewe hasikii kinapotoka. Ukimgombeza, unamgombeza kwa kitu ambacho mwili wake haukumtaarifu.

Kwa hiyo usimwambie mzazi ugonjwa, mwambie ulichokiona: "Leo chupi yake imekuwa na madoa laini mara tatu, na alionekana hajui. Je, nyumbani mara ya mwisho kupata choo kikubwa ilikuwa lini, na kilikuwa kigumu?" Mzazi akikumbuka kwamba zimepita siku kadhaa au kwamba kilikuwa kigumu na kikubwa, aende kituo cha afya. Na ajue mapema kwamba tiba yake ni ya miezi, siyo ya siku mbili, asije akakata tamaa akarudi kwenye fimbo.

Yapo yasiyosubiri Ijumaa wala simu ya jioni. Mtoto analia akikojoa, au ana homa, au alikuwa mkavu kabisa na ghafla anaenda chooni kila dakika chache, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana na anakonda, apimwe sukari siku hiyohiyo. Na akiwa na maumivu au michubuko sehemu za siri, au anamwogopa mtu fulani ghafla, hapo hujui nyumbani ni nani aliye salama kumpigia. Ongea na mwalimu mkuu na ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, haina malipo.

Msomaji_Kibosho

Ticha tupe mrejesho basi. Mama Ayubu alisemaje?

TichaDom

Nimerudi. Kwanza nilianza kuandika saa kwenye karatasi yangu, kwa sababu ya lile la Tabibu kuhusu ratiba. Ilikuwa karibu kila mara kati ya saa nne na robo na saa tano kasoro. Watoto wetu huenda chooni kwa pamoja saa tatu na nusu, wanakunywa uji saa nne, wanatoka kucheza, na safari inayofuata ya choo ni saa sita. Tena tulikuwa tunawauliza, "nani anataka kwenda chooni?" Ayubu akiwa kwenye bembea anasema hapana, na anamaanisha hapana. Dakika tano baadaye amelowa.

Nikampigia mama yake jioni kwa maneno ya Mwl Zaituni, karibu yote kama yalivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani mnataka kumfukuza." Kumbe kila alipopewa ule mfuko getini alidhani anaonywa. Kuhusu swali la choo, akaniambia nyumbani wana choo cha kukaa na Ayubu huvua kaptula yote ndipo akae, hajawahi kuchuchumaa. Vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa, tundu ni pana kwa mguu wake, ndani pana giza na sakafu ina maji. Hawezi kuvua kaptula yote pale bila kuiangusha kwenye maji, na anaogopa kukanyaga pande mbili za tundu.

Tulichofanya: saa nne na nusu matroni anachukua kundi la watoto sita na kusema "twende", hamwulizi mtu. Ayubu yumo lakini hayuko peke yake. Kwa muda tumeweka poti safi ndani ya chumba kile, mlango ukiwa nusu wazi ili mwanga uingie, na tunamfundisha kuchuchumaa nikiwa nimemshika mikono, bila haraka. Mama amemnunulia bukta mbili za lastiki. Sasa siku nyingi anarudi mkavu, na akilowa anakuja mwenyewe kunishika sketi.

Jumatatu bado anaharibikiwa na sijajua kwa nini. Nilimuuliza mama kama wikiendi kuna kinachobadilika, akasema wanaenda kwa bibi Kongwa, lakini mama anasema hata huko mtoto yuko sawa.

Getini bado. Mwalimu mkuu amekubali makopo ya mfuniko kwa kila mtoto muhula ujao, na amekubali anayekabidhi asiseme chochote zaidi ya "begi hili hapa." Lakini aliyekuwa zamu Alhamisi alisema tena kwa sauti, mtoto mwingine, mbele ya watu.

Bi_Mkubwa_Mjini

Siku ya kwanza baada ya mapumziko sisi pia huwa na wengi. Wamekaa nyumbani, wakirudi wanakuwa wagumu kuzoea. Mpe safari mbili za choo siku hiyo, ya kufika na ya baada ya uji.

TichaDom

Sawa Bi Mkubwa, nitajaribu safari ya kufika. Swali langu la mwisho. Ayubu ana dada yake darasa la pili shule hiihii. Anafika nyumbani kabla ya simu yangu na kutangaza, "Ayubu leo kabadilishwa nguo." Mama ameshasikia kabla sijasema neno. Huyu namwambiaje?

Mwl_Zaituni

Usimkataze tu, mtoto wa miaka minane ukimkataza umempa habari kubwa zaidi. Kwanza hakikisha bukta ya akiba inafanana na aliyovaa, rangi moja, ili asione tofauti. Mwombe mama anunue mbili za aina moja, gharama yake ni ndogo. Kisha mama mwenyewe, siyo wewe, amwambie binti kwamba habari za nguo za mdogo wake huletwa na mwalimu mwenyewe. Na simu yako usingoje jioni. Kwa mama huyu, tuma meseji saa sita mchana, ukishambadilisha mtoto.

TichaDom

Saa sita yuko sokoni Majengo anauza, simu huwa mfukoni. Nitamuuliza kesho kama inamfaa.